Tangazo Lisiloshushwa

Tuseme unauza majiko ya presha ya umeme Kariakoo, na mtaa wa pili kuna mwenzako anayeuza majiko yaleyale. Video yake unakutana nayo Instagram kila jioni. Sufuria ya maharage inachemka kwenye gesi, mama anatazama saa ya ukutani, anatikisa mtungi kuona kama gesi imebaki. Uliiona mara ya kwanza mwezi wa pili. Sasa ni Juni, na bado ipo.

Tangazo la kulipiwa linakula fedha kila siku linayoonyeshwa, na mfanyabiashara anayehesabu mauzo yake halivumilii miezi minne kama halimrudishii kitu. Wauzaji wa Marekani waliokuwa wakiuza kwa njia ya posta waliligundua hili zamani. Tangazo la gazetini lilikuwa na kuponi yenye alama yake, hivyo walijua kila oda imeletwa na tangazo gani. Tangazo la kozi ya Kiingereza ya Sherwin Cody, lililoandikwa na Maxwell Sackheim, lilichapishwa kwa takriban miaka 40. Mshindani hakuhitaji kufungua daftari la Cody ili ajue kwamba linaleta wanafunzi.

Leo tarehe zenyewe ziko wazi. Tangu 2019, matangazo yote yanayoendelea Facebook na Instagram yanaonekana kwenye facebook.com/ads/library, na mtu yeyote anaweza kuyatazama. Chagua nchi, chagua `All ads`, andika jina la ukurasa wa mwenzako, kisha chuja zibaki video tu. Kila tangazo lina maneno `Started running on` na tarehe lilipoanza.

Sasa chukulia umekuta video 14. Kumi na moja zina umri wa chini ya wiki mbili, mbili zina wiki tano, na moja, ile ya maharage, ina miezi minne na nusu. Wengi huishia hapo, wakakimbilia kupiga video ya maharage. Mimi ningezitazama kwanza zile changa. Ukikuta nne kati yake zinaanza na maharage na saa, ila mama amebadilika na jiko la zamani sasa ni la mkaa, umepata ushahidi mzito kuliko tarehe. Mwenzako amelipia upigaji mpya, akabadilisha vyote isipokuwa sekunde tatu za mwanzo. Kinachomletea wateja ni hofu ya nishati kuisha chakula kikiwa hakijaiva. Jiko lenyewe linakuja baadaye, na bei mwisho kabisa.

Ushahidi wa upande wa pili ni zile zilizoshindwa, na hizo maktaba haikutunzii. Huku kwetu tangazo la biashara likizimwa, linatoweka humo. Kwa hiyo kila Jumatatu andika kwenye daftari nambari ya `Library ID` ya kila video, tarehe yake, na inavyoanza. Baada ya wiki sita utaona, kwa mfano, kwamba kila video iliyoanza na jiko linalozungushwa chini ya taa na bei kubwa imezimwa ndani ya siku kumi. Hapo ndipo ile ya maharage inapata maana, kwa kuwa umeona ilishindana na nini.

Daftari hilo linakukinga pia na tarehe zinazodanganya. Mwenye tangazo akilinakili upya, nakala hupewa tarehe mpya, na video ya mwaka jana ikaonekana kama ya jana. Akilisimamisha mwezi mzima kisha akaliwasha, tarehe ya zamani inabaki ileile. Kiasi anacholipa hukioni, kwa hiyo tangazo kongwe linaweza kuwa la shilingi chache alizozisahau. Video ya benki au ya kampuni ya soda iache kabisa, maana inadumu kwa bajeti ya kulitangaza jina, hata kama hakuna aliyenunua kwa sababu yake. Iache pia inayosema "bado unafikiria?" Hiyo huenda inaonyeshwa kwa waliokwisha kuulizia tu, na kazi ya kuwavuta ilifanywa na video nyingine.

Kuna mtego mmoja wa hapa kwetu unaonisumbua zaidi. Matangazo mengi yanampeleka mteja WhatsApp, na malipo ni mzigo ukifika. Mwenzako anaweza kufurahia meseji 60 kwa siku huku bodaboda ikirudi na majiko ambayo hayakupokelewa, na tangazo likaendelea kwa kuwa anahesabu meseji. Kwa hiyo usiichukue video yake, ambayo ni mali yake. Chukua ile hofu ya gesi, ipige jikoni kwako na mpishi wako, uiweke hewani kando ya video yako ya sasa kwa bajeti sawa, wiki mbili. Kila anayeandika muulize ameona video ipi, na mwisho hesabu majiko yaliyolipiwa mlangoni.