Tepe Mbili Ndani ya Utepe Mmoja

Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alieleza mashine isiyo na makuu: utepe usiokwisha uliogawanywa vyumba, kichwa kinachosoma chumba kimoja kimoja, na orodha fupi ya kanuni. Je, tukiiongezea tepe, kila mmoja na kichwa chake, itatambua maneno ambayo ile ya utepe mmoja haiwezi? Hapana, na uthibitisho wake unafuatika kwa penseli.

Chukua mashine ya tepe mbili inayokagua kama neno linasomeka sawasawa mbele na nyuma. Imepewa abba, imelinakili kwenye utepe wa pili. Kichwa cha kwanza kiko mwanzo wa neno, cha pili kiko mwisho. Tuandike yote kwenye utepe mmoja, tutenganishe kwa #, na herufi iliyo chini ya kichwa tuiandike kubwa:

```
#Abba#abbA#
```

Mashine ya utepe mmoja inapita kutoka kushoto kwenda kulia ikitafuta herufi kubwa. Imekuta A na A: zinalingana. Jozi zinazowezekana ni chache, kwa hiyo hali zake za ndani zinatosha kuzikumbuka. Inapita tena na kuhamisha alama:

```
#aBba#abBa#
```

Hatua moja ya tepe mbili imeigwa. Penye mtego ni pale kichwa kinapogonga #, kwa kuwa utepe wa awali haukuwa na ukuta hapo. Mashine husukuma chumba kimoja kulia kila kilichofuata, ikaacha nafasi tupu, ikaendelea. Ukiisahau hatua hii, uthibitisho unabomoka.

Safari hizi zina gharama: hatua zikiongezeka mara 10, kazi inaweza kupanda mara 100 hivi. Kinachopotea ni muda, si uwezo.

Sasa ije mashine inayoruhusiwa kuchagua: penye njia 3, neno hukubaliwa ikiwa njia mojawapo tu inafika kwenye kukubali. Wengi hudhani tufuate njia moja hadi mwisho, kisha turudi kujaribu nyingine. Ni kosa, kwa sababu njia hiyo huenda haina mwisho, nasi tutazama humo huku jibu likiwa njia ya jirani. Dawa ni kuzipa njia anwani, fupi zitangulie: 1, 2, 3, 11, 12, 13, 21, na kuendelea. Utepe mmoja huhifadhi neno, wa pili hufanyiwa kazi, wa tatu hubeba anwani. Kila anwani inaanza upya na kukoma namba zake zikiisha. Kama jibu liko hatua ya 20, anwani zinazolitangulia zina hesabu, kwa hiyo lazima tulifikie. Tepe hizo tatu tunazifungasha katika mmoja kama mwanzo.

Anwani za urefu wa 20 pekee ni 3,486,784,401. Kama mlipuko huo unaweza kukwepwa ndilo swali la P na NP, lililotokana na kazi ya Stephen Cook ya mwaka 1971, na hadi leo halijajibiwa.