Nati Moja, Nati Nne

Funga nati moja ya boliti kwenye ncha ya uzi, kisha uning'inize uzi huo kwenye msumari uliopigiliwa ukingoni mwa meza. Waulize wanafunzi wa Darasa la Tano: tukiongeza nati tatu, bembea hii itakwenda haraka zaidi, polepole zaidi, au vilevile? Katika madarasa niliyofundisha, mikono mingi ilinyooshwa kwa "haraka zaidi". Kizito kina nguvu, walisema, na hiyo si sababu ya kudharau. Ndiyo maana nalipenda jaribio hili kuliko la kuotesha maharage: mtoto ana maoni yake tangu mwanzo, na majibu hupatikana siku hiyohiyo.

Maandalizi nayaanzia kwenye karatasi. Nusu ukurasa wa daftari unatosha. Juu linakaa swali, na chini yake mistari miwili: "Natabiri kwamba…" na "kwa sababu…". Kisha jedwali dogo: mstari wa nati moja na mstari wa nati nne, kila mmoja ukiwa na nafasi tatu, kwa kuwa kila kipimo kitarudiwa mara tatu. Mwisho kuna "Tulichoona", na mbali kidogo, "Tunavyofikiri". Nazitenganisha kwa makusudi, maana mtoto asipoelekezwa huandika "nzito ina nguvu" mahali palipotakiwa sekunde.

Utabiri uandikwe kwa kalamu ya wino, kabla nati hazijagawiwa. Hilo nilijifunza siku niliyowaruhusu watumie penseli. Nilipokusanya karatasi, karibu kila utabiri ulikuwa umetimia, na nyingi zilikuwa na mikwaruzo ya ufutio. Watoto wale walikuwa wamezoeshwa kwamba jibu lisilo sahihi hupigwa kosa. Tangu hapo nawaambia mapema kuwa nitasahihisha sababu na vipimo, na kwamba utabiri usiotimia hauna adhabu.

Sasa kipimo chenyewe. Urefu kutoka msumarini hadi katikati ya nati uwe sentimita 50. Nati ivutwe kando kiasi cha sentimita 10 na kuachiwa bila kusukumwa. Kwenda na kurudi ni bembea moja, nayo huchukua takribani sekunde 1.4. Muda huo ni mfupi mno kwa kidole kinachobonyeza saa ya simu, hivyo tunapima bembea 10 kwa pamoja na kuandika hadi desimali moja. Kikundi kimoja kiliniletea 14.1, 14.4 na 14.2 kwa nati moja, kisha 14.3, 14.1 na 14.2 kwa nati nne.

"Mwalimu, tumekosea?" waliuliza.

Niliwarudisha kwenye jedwali. Nati moja peke yake, bila kubadilishwa chochote, imetoa majibu yanayopishana kwa sekunde 0.3. Je, kati ya nati moja na nati nne kuna tofauti inayozidi hiyo? Hakuna. Kwa mtoto anayeelewa hapo, zile nafasi tatu zina kazi: bila kurudia, angeshika 14.4 ya nati moja na 14.1 ya nati nne, akatangaza kuwa nzito ni ya haraka.

Makosa mawili hujirudia, na yote huonekana kwenye karatasi. Ukiona 12.8, mhesabuji amesema "moja" pale nati ilipoachiwa, hivyo amepima bembea tisa. Aanze na "sifuri". Ukiona nati nne zimetoa karibu 15 kila mara, nenda ukatazame uzi: bila shaka wamezifunga moja chini ya nyingine. Zikiachana sentimita nne nne, katikati ya mzigo hushuka sentimita sita, na bembea imekuwa ndefu bila wao kujua. Zote nne zitundikwe pamoja kwenye ndoano moja ya waya. Kosa hili la pili silirekebishi haraka. Nawaomba wapime upya urefu wenyewe, kwa sababu wakigundua kilichobadilika mbali na uzito, wameshaona kwa nini tunabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati.

Hapo mtoto mmoja husema, basi ni uzi. Nami nilikuwa nimeacha nafasi chini ya karatasi kwa ajili yake: uzi wa mita moja utachukua sekunde ngapi kwa bembea 10? Wengi huandika 28, kwa kuwa urefu umezidishwa mara mbili. Wanapima, wanapata 20, wanahesabu tena kuanzia sifuri, na wanapata 20.