Kutoka Karatasi hadi Sikio: Kuandaa Tahadhari ya Bahari kwa Wasikilizaji wa Pwani ya Kismayu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna taarifa andishi ya hali ya bahari inavyoweza kugeuzwa kuwa sentensi za kusemwa redioni. Hoja yake ni kwamba msikilizaji hana ukurasa wa kurudia, hivyo saa, kimo cha mawimbi na ukanushi vinahitaji kutungwa upya, si kusomwa tu.

1.0 Utangulizi

Mvuvi wa Kibajuni wa Koyama au Chula hupokea tahadhari mara moja, mara nyingi huku upepo ukivuma na watu wakizungumza. Asipoelewa, hawezi kurejea mstari wa juu. Tuchukue mfano ufuatao, uliotungwa kwa mtindo wa taarifa za wataalamu:

"Upepo wa kusi wenye kasi ya kilomita 45 kwa saa, unaotarajiwa katika pwani ya Kismayu kuanzia saa 15:00 UTC Alhamisi hadi saa 03:00 UTC Ijumaa, utasababisha mawimbi yenye kimo cha mita 2.5 na hautapungua ndani ya muda huo. Hivyo vyombo vidogo vinashauriwa kutosafiri."

Kwa msomaji, sentensi hii haina kasoro. Kwa msikilizaji, ina mitego mitatu, na ushauri wenyewe unakuja mwisho, baada ya kumbukumbu kulemewa.

2.0 Mtego wa saa

Kismayu iko saa tatu mbele ya UTC. Kwa hiyo 15:00 UTC ni saa kumi na mbili jioni, na 03:00 UTC ni saa kumi na mbili asubuhi. Msomaji wa redio akisema "kuanzia saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili", tofauti yote inabebwa na neno moja linaloweza kupotea hewani. Kwa kuwa Kismayu iko karibu kabisa na ikweta, jua huchwa na kuchomoza karibu na saa hizo mwaka mzima. Alama ya jua basi ni sahihi, na haihitaji hesabu.

Jina la siku nalo lina hatari yake. Katika hesabu ya Kiislamu siku huanza magharibi, hivyo kwa wengi wa pwani "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ilhali mwandishi wa ofisini huenda akakusudia unaoufuata. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" huondoa utata huo.

3.0 Mtego wa kimo

Wataalamu wa bahari wanapotaja kimo cha mawimbi, kwa kawaida hukusudia wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Wimbi mojamoja laweza kukaribia maradufu ya kipimo hicho. Msikilizaji anayesikia "mita mbili na nusu" huelewa kuwa huo ndio mwisho, akapima uwezo wa mashua yake kwa kikomo kisichokuwepo. Hapa kufupisha ni kupotosha. Sentensi ya pili ni ya lazima.

4.0 Mtego wa ukanushi

"Hautapungua" na "utapungua" hutofautiana kwa silabi moja, nayo iko mwanzoni mwa kitenzi, mahali inapomezwa kwa urahisi na kelele. Ikipotea, maana hugeuka kinyume. Ni heri kutumia kitenzi yakinishi: "utaendelea". Vilevile "kutosafiri" ligeuzwe "kubaki". Nomino nayo irudiwe badala ya kuachiwa kiambishi, kwa kuwa upepo, usiku na ukungu vyote huchukua u-.

5.0 Matini ya kusemwa

"Wavuvi wa Kismayu, Koyama, Chovai na Chula. Usiku wa leo, usiku wa kuamkia Ijumaa, vyombo vidogo vibaki pwani. Upepo mkali wa kusi utaanza leo Alhamisi jua likichwa. Upepo huo utaendelea hadi kesho jua lichomoze. Mawimbi mengi makubwa yatapita kimo cha mtu aliyesimama. Baadhi ya mawimbi yatakaribia kimo cha watu watatu. Narudia: vyombo vidogo vibaki pwani hadi kesho jua lichomoze."

Kasi ya upepo imeachwa kwa makusudi. Neno "mkali" pamoja na kimo cha mawimbi vinatosha kwa uamuzi unaotakiwa.

6.0 Kupima na mipaka

Matini isomwe mara moja kwa mtu asiyeiona taarifa andishi, kisha aeleze kwa maneno yake nani anahusika, afanye nini, tangu lini na hadi lini. Jibu likikosewa, sentensi husika ndiyo ya kutungwa upya. Baadaye mtabiri mwenyewe athibitishe kuwa maana haikubadilika, hasa pale tarakimu ilipogeuzwa kuwa kifani.

Njia hii haimalizi tatizo la lahaja. Kibajuni kina matamshi na msamiati wake, na wakazi wengi wa Kismayu huzungumza Kisomali. Matini ya Kisomali haina budi kutungwa kutokana na taarifa yenyewe, kwa kuwa mitego ya lugha moja si lazima iwe ya nyingine. Kwa watunga sera, maana yake ni kwamba muda wa kutunga na kupima matini ya kusemwa utengwe kabla taarifa haijatolewa, si kuachiwa msomaji wa zamu mbele ya kipaza sauti.