Mkono Ukivunjika Mtihani Ukikaribia

Mtahiniwa wa kidato cha nne ameanguka, mkono anaoandikia umevunjika kwenye kifundo, na mtihani uko mlangoni. Mzazi aende kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo, maana shule ndiyo inayoliandikia Baraza la Mitihani.

Barua ya daktari ndiyo uti wa mgongo wa ombi. Ikisema tu "ameumia mkono", haitoshi. Itaje kuwa ni mkono wa kulia, ndio anaouandikia, umefungwa plasta ngumu kwa takriban wiki sita, na vidole haviwezi kushika kalamu.

Kisha ombi liseme kinachotakiwa. Anayeandika polepole huhitaji muda. Tanzania imekuwa ikiwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 za nyongeza kwa kila saa ya Hisabati, na 10 kwa masomo mengine. Mtihani wa Historia wa saa tatu huongezeka nusu saa. Asiyeweza kuandika kabisa huhitaji mwandishi wa kunakili anachotamka, bila kumsahihishia. Afanye mazoezi ya kutamka majibu mapema, hasa michoro na hesabu.

Mzazi, usiondoke shuleni bila nakala ya barua iliyogongwa muhuri.