Nani anasema na njiwa?

Msomaji wa shairi fupi huanza kwa kudhani kwamba anayesema ni mshairi mwenyewe. Walimu wa fasihi humwita msemaji wa shairi nafsineni, na anayeambiwa nafsinenewa, ili tusimchanganye mtunzi na sauti aliyoiumba. Tuutazame ubeti huu, niliotunga kwa ajili ya makala haya:

Ewe njiwa nenda mbio, mwambie huko aliko,
Wanawe wana kilio, ni baridi hili jiko,
Sina tena kimbilio, majirani ni kicheko,
Rudi, natega sikio, mlango bado ni wako.

Tuanze na anayeambiwa. "Ewe njiwa" ni wito, na "nenda" ni amri kwa huyo ndege. Lakini njiwa ni mjumbe tu. Yuko mtu wa tatu, anayetajwa kwa "mwambie", "aliko" na "wanawe". Mstari wa mwisho unageuka: "rudi" na "wako" havimhusu njiwa tena, kwa maana mlango ule si wa ndege. Msemaji ameshindwa kungoja ujumbe ufike, akamgeukia moja kwa moja aliyeondoka. Asiyeuona mgeuko huo atasema shairi zima linamhusu njiwa, na uchungu wote utampita.

Sasa anayesema. "Sina" na "natega" vinatuonyesha nafsi ya kwanza, umoja. Yumo ndani ya nyumba yenye "hili jiko", na anaweza kumpokea aliyeondoka. Wengi watajibu haraka: ni mke aliyeachwa. Ushahidi uko wapi? Viambishi vya Kiswahili havitofautishi mume na mke, kwa hiyo sarufi haitusaidii hapo. Jiko lililopoa laweza kuwa la mwanamke asiye na cha kupika, lakini mwanamume akioa tunasema amepata jiko. Huenda basi ni mume anayemlilia mkewe. Tena msemaji hakusema "wanetu" wala "wanangu", amesema "wanawe". Hapo hata bibi aliyeachiwa wajukuu anaingia.

Maisha ya mtunzi husaidia pale shairi lenyewe linapoyafungulia mlango. Shaaban Robert (1909–1962) katika "Amina" anamsemesha mkewe aliyefariki, na jina limo shairini. Katika ubeti wetu hakuna jina, kwa hiyo kujua kama mtunzi ni mwanamume au mwanamke hakuamui lolote.

Jibu linalosimama ni hili: nafsineni ni mtu mzima aliyebaki na watoto wa aliyeondoka, na nafsinenewa ni njiwa kwanza, kisha huyo aliyeondoka. Ukiulizwa kwenye mtihani nawe unataka kuandika "mke", kitafute kwanza kiambishi au neno lililokuambia hivyo. Usipolipata, liache.