Kabla Hujafyeka Makala, Jua Maneno Yanayohesabiwa

Mwandishi akiambiwa makala yake isizidi maneno 3,000, macho yake hukimbilia chini ya skrini, pale Microsoft Word inapoonyesha idadi. Akikuta 5,460, anaanza kufyeka. Aya ya historia inaondoka, maelezo ya mbinu za utafiti yanakonda, mfano mzuri kuliko yote unatupwa, na mwisho wake makala inabaki mifupa mitupu. Kumbe huenda hakuwa amezidisha hata maneno 200.

Word huhesabu karibu kila kilichochapwa kwenye kurasa: kichwa cha makala, majina ya waandishi, ikisiri, majedwali, orodha ndefu ya marejeo. Mhariri huhesabu kile tu ambacho kanuni za jarida lake zimetaja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma maelekezo kwa waandishi na kutafuta humo maneno mawili, “pamoja na” na “bila”, kwa sababu ndiyo yanayoamua kila kitu.

Tuchukue JAMA, jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Makala ya utafiti hupewa maneno 3,000, na maelekezo yanasema wazi kwamba ikisiri, majedwali, michoro, shukrani, marejeo na nyongeza za mtandaoni havimo katika hesabu hiyo. Usidhani ni bure, maana baadhi ya vitu hivyo vina ukomo wake vyenyewe: ikisiri isizidi maneno 350, na majedwali na michoro kwa jumla visizidi vitano.

Sasa chukulia daktari mmoja wa Dar es Salaam anayesomea uzamili ameandika makala kuhusu wagonjwa wa shinikizo la damu, na ndiye aliyeikuta ile 5,460. Badala ya kufyeka, anaigawa. Anabofya mwanzoni mwa Utangulizi, anashuka hadi mwisho wa Hitimisho, anashikilia Shift na kubofya tena. Papo hapo Word inamwonyesha maneno ya sehemu aliyochagua kando ya jumla ya waraka: 3,180 kati ya 5,460. Akifanya hivyo kwa kila sehemu, anapata ukurasa wa jina maneno 110, ikisiri 340, majedwali matatu 520, maelezo ya michoro 90, shukrani 60 na marejeo 1,160. Ameyaweka majedwali mwisho wa waraka. Yangekuwa katikati ya matini, Word ingeyajumlisha, naye angelazimika kuyatoa mwenyewe.

Ziada yake basi ni maneno 180, si 2,460. Na hata hayo 180 hayahitaji kutoka kwenye hoja. Makala yake inataja vyanzo ndani ya mabano, kwa mtindo wa jina la mwandishi, “na wenzake”, halafu mwaka. Word huhesabu hayo kuwa maneno manne. Ametaja vyanzo hivyo mara 38, kwa hiyo maneno 152 yamekwenda kwenye mabano peke yake. JAMA hutumia namba ndogo zinazopanda juu ya mstari, ambazo hushikamana na neno lililotangulia na haziongezi kitu. Akibadilisha mtindo, jambo ambalo jarida lingemtaka alifanye hata hivyo, anabaki na ziada ya maneno 28. Hiyo ni sentensi moja au mbili.

Makala hiyohiyo ikipelekwa kwenye jarida linaloandika “pamoja na marejeo na majedwali”, hesabu inageuka. Hapo ziada ni ya kweli, na kupunguza marejeo yaliyorundikwa matatu matatu mahali ambapo moja lingetosha kunaokoa zaidi kuliko kukata aya. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akiambiwa “punguza tu” kabla hajasema anapeleka wapi.

Tanbihi ndizo zinazoponza wengi. Katika Word, ukifungua dirisha la Word Count utaona kisanduku kimeandikwa “Include textboxes, footnotes and endnotes”. Kikiwekwa alama ya tiki, tanbihi zinaingia katika jumla, kikiondolewa, zinatoka. Google Docs nayo haizihesabu kabisa. Hivyo msimamizi na mwanafunzi wanaweza kufungua waraka uleule, kila mmoja akapata namba yake, na wote wawili wakawa wakweli.

Halafu kuna tanbihi na tanbihi. Wanafunzi wa diploma ya IB, ambayo husomwa katika baadhi ya shule za kimataifa za Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Moshi, huandika insha ndefu isiyozidi maneno 4,000. Kanuni ya insha hiyo inatenganisha mambo vizuri: tanbihi inayotaja chanzo tu haihesabiwi, lakini tanbihi yenye maelezo au hoja inahesabiwa. Jedwali, ramani, orodha ya yaliyomo na bibliografia haviingii. Nukuu zinaingia, ingawa si maneno ya mwanafunzi. Mtahini akifika neno la 4,000 halazimiki kuendelea, na hitimisho lililoko baada ya hapo linaweza kukosa alama.

Viambatisho navyo havihesabiwi katika insha hiyo, ndipo wajanja wanapoona mlango. Wanahamisha uchambuzi wote nyuma ya insha. Tatizo ni kwamba mtahini halazimiki kusoma kiambatisho, kwa hiyo hoja iliyohamishiwa huko ni kama haikuandikwa. Kinachofaa kwenda huko ni kitu ambacho insha inasimama bila yake: hojaji nzima, kwa mfano, au data ghafi.

Wanafizikia wana utaratibu wa kushangaza kidogo. Jarida la Physical Review Letters hutoa maneno 3,750, bila ikisiri wala marejeo, ila mchoro unahesabiwa kana kwamba ni maneno. Kwa mchoro wa safu moja, unagawa upana kwa kimo, kisha unagawa 150 kwa jibu hilo na kuongeza 20. Mchoro wenye upana na kimo sawa unakula maneno 170. Uupanue ili upana uwe mara moja na nusu ya kimo, unakula 120. Mwandishi ameokoa maneno 50 bila kugusa sentensi hata moja. Huwezi kulijua hilo kwa kutazama chini ya skrini.

Kanuni ikiwa kimya, usikisie, wala usitegemee ile asilimia kumi ya msamaha ambayo kila mwanafunzi ameisikia kwa mwenzake. Ipo katika baadhi ya vyuo, haipo katika vingine. Andika barua pepe fupi yenye swali linalojibika kwa mstari mmoja: “Ndugu Mhariri, naomba kujua kama ukomo wa maneno 6,000 unajumuisha marejeo, majedwali na tanbihi za maelezo.” Ukitakiwa kuandika ikisiri mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, uliza pia kama zote mbili zinahesabiwa. Weka jibu hilo mahali salama hadi makala itoke.

Ukishamaliza, andika katika ukurasa wa jina idadi na namna ulivyoihesabu: “Maneno 2,994, bila ikisiri, majedwali, shukrani na marejeo.” Mhariri akitaka kuhakiki, atajua achague kuanzia wapi hadi wapi.