Adrenalini na ndugu zake: kwa nini dawa moja haifai kwa kila shoki

Katika mazungumzo yetu ya biyolojia swali moja lilitushinda siku nyingi. Tunasoma ya kama adrenalini inakaza mishipa ya damu. Tunasoma tena ya kama inafungua njia za pumzi. Dawa moja inawezaje kufunga huku na kufungua kule? Sisi wanafunzi wa biyoshimi tulitafuta jibu, na leo tunawaletea.

Tuanze na mfano. Mvulana wa miaka 16, kilo 50, anakwenda kuvuna asali. Nyuki mmoja anamwuma shingoni. Mwaka uliopita aliumwa na nyuki vilevile, na alivimba kidogo tu. Lakini safari hii, kisha dakika tano, mwili wote unamwasha, vipele vinatoka, midomo inavimba. Anatapika. Sauti inakauka, kifua kinapiga filimbi. Wenzake wanamfikisha mbio kwa dispanseri. Muuguzi anapima: tansio 70 juu ya 40, moyo unapiga mara 130 kwa dakika.

Hii ndiyo anafilaksi. Jina hili lilitolewa mwaka 1902 na Wafaransa wawili, Sharli Rishe na Polo Portye. Mwili wa huyu kijana ulikwisha kujitayarisha tangu aliumwa mara ya kwanza. Sasa chembe fulani za mwili, zinazoitwa mastositi, zinamwaga histamini na vitu vingine kwa mara moja. Vitu hivi vinafanya mabaya matatu: vinalegeza mishipa ya damu, vinaitoboa hata maji ya damu yanavuja katika nyama, na vinabana njia za pumzi.

Sasa tuangalie tansio. Msukumo wa damu unategemea mambo mawili: damu ambayo moyo unatupa kwa dakika, na namna mishipa inavyoikatalia njia. Ukizidisha moja kwa nyingine, unapata msukumo. Kwa kijana wetu mishipa imelegea, na damu inayorudi kwa moyo imepungua juu ya kuvuja. Moyo unakimbia bure, sawa na pompi inayovuta katika pipa tupu. Hii hali ya damu kukosa kufikia viungo sawasawa, ndiyo waganga wanaita shoki.

Hapa adrenalini inaingia. Mwaka 1948 Mwamerika Alkwisti alionyesha ya kwamba dawa za namna hii hazifanyi kazi popote tu. Zinashika vipokezi vilivyo juu ya chembe, mfano wa ufunguo na kufuli. Alivigawa mafungu mawili, alfa na beta. Kiisha wengine waligawa beta kuwa beta-1 na beta-2. Kumbe jibu la swali letu ni hili: ufunguo ni mmoja, lakini kufuli si moja. Kinachotokea kinategemea kufuli gani iko pale.

Kipokezi alfa-1 kiko kwa wingi katika mishipa ya ngozi na ya matumbo. Kikishikwa, mshipa unakaza. Tansio inapanda, na uvimbe wa koo unapungua. Beta-1 iko katika moyo: moyo unapiga kwa nguvu na kwa haraka. Beta-2 iko katika njia za pumzi, nazo zinafunguka. Iko tena katika mishipa ya nyama za miguu, nayo inalegea kidogo. Tena iko juu ya zile mastositi zenyewe, na ikishikwa, zinapunguza kumwaga histamini. Adrenalini inashika vyote. Ndiyo maana katika anafilaksi hakuna dawa nyingine ya kuikalia nafasi.

Muuguzi wa mfano wetu anafanya hivi. Analaza kijana chali, anainua miguu. Kama pumzi ingemshinda zaidi, angemwacha aketi miguu imenyooka, lakini hapana kumsimamisha wala kumtembeza: damu ingeshuka miguuni, moyo ungebaki mtupu, na mgonjwa anaweza kufa palepale. Kipimo ni miligramu 0,01 kwa kilo moja, bila kupita 0,5. Kilo 50 mara 0,01 ni miligramu 0,5. Ampule yake ina miligramu 1 katika mililita 1, kwa hiyo anavuta nusu mililita. Anachoma katika nyama ya paja, upande wa inje, katikati. Hapo beta-2 inafungua mishipa ya nyama, na dawa inanyonywa upesi. Chini ya ngozi, alfa ingefunga mishipa, na dawa ingekawia njiani. Na kuisukuma yote katika mshipa wa damu ni hatari kubwa: tansio inaruka, moyo unapoteza mpango wake. Wakati dawa inafanya kazi, anaweka seromu, maana mshipa uliokazwa bila damu ndani hausaidii sana.

Kisha dakika tano, tansio ni 80 juu ya 45, na kifua bado kinapiga filimbi. Anarudilia kipimo kilekile. Dakika kumi nyingine, na lita moja ya seromu imekwisha kuingia: 105 juu ya 65, sauti imerudi. Hata hivyo hamwachi kwenda nyumbani. Anamlinda kwa saa nyingi, kwa kuwa ugonjwa unaweza kurudi bila nyuki mwingine.

Watu wengine wanakimbilia prometazini ao hidrokortizoni kwanza. Hilo ni kosa. Prometazini inazuia histamini kwa ngozi, inatuliza kuwasha, lakini haipandishi tansio iliyoanguka. Hidrokortizoni inakawia saa kadhaa. Zinaweza kufuata, haziwezi kutangulia.

Basi, je, adrenalini ndiyo dawa ya kila shoki? Hapana. Tumtazame mama mwenye mikrobi katika damu. Mishipa yake pia imelegea, lakini njia za pumzi hazikubanwa, na moyo wake umekwisha kukimbia. Yeye anahitaji alfa-1 kuliko yote. Kwa hiyo katika hopitali kubwa, pamoja na seromu na antibiotiki, wanachagua noradrenalini: inakaza mishipa sana, inasukuma moyo kidogo, na beta-2 karibu haiigusi. Inapitishwa tone kwa tone, wakitafuta msukumo wa katikati ufike 65. Hesabu yake ni nyepesi: chukua tansio ya chini, ongeza theluthi ya tofauti. Kwa kijana wetu mwanzoni, 40 na theluthi ya 30, ni 50 tu. Wanalinda pia mahali pa sindano, maana noradrenalini ikivuja inje ya mshipa inaweza kuua nyama ya pale.

Mtu ambaye moyo wenyewe umechoka, mara nyingi anapewa dobutamini, inayoshika hasa beta-1. Naye aliyemwaga damu nyingi, mishipa yake imekwisha kujikaza yenyewe: mikono baridi, ngozi nyeupe. Yeye wazuie damu, wamtie damu. Kumkaza zaidi ni kufunga mlango wa nyumba isiyo na kitu.

Neno la mwisho juu ya kufuli. Kuna wagonjwa wanaokunywa propranololi kwa ajili ya tansio. Dawa hii inakaa ndani ya kufuli za beta na kuziziba. Wakishikwa na anafilaksi, adrenalini inaweza kukuta milango imefungwa, na waganga wanaongeza glukagoni, ambayo inaingia moyoni kwa mlango mwingine. Kwa hiyo muuguzi akiuliza, «Unakunywa dawa gani nyumbani?», mumjibu kweli yote.